Gemu mpya zimepauka, za zamani ni giza: PS5, HDR na kipimo cha weusi

"Habari mtaalamu. Nina PS5 niliyonunua kwa mtu, ikiwa imeshatumika, na runinga ya 4K ya inchi 50, LCD ya kawaida. YouTube ya ndani ya runinga na king'amuzi vinaonyesha vizuri tu. Nikicheza gemu mpya, runinga inaandika HDR kwenye kona halafu picha inapauka, weusi unakuwa kama majivu. Rafiki akaniambia niweke RGB Range kuwa Full. Gemu mpya hazikubadilika hata kidogo, ila za PS4 zimekuwa giza, nikiingia pangoni sioni kitu. Fundi wa mtaani anasema taa za runinga zimechoka, zibadilishwe. Nifanyeje?"

Usimpe fundi runinga, ndugu yangu. Taa zilizo nyuma ya kioo ni zilezile, uwe unatazama king'amuzi, YouTube au PS5. Zikichoka, zinachoka kwa vyote: taarifa ya habari ingefifia, YouTube ingefifia, na hata menyu ya runinga yenyewe ungeiona hafifu. Wewe unasema hivyo viko safi. Kwa hiyo kasoro iko kwenye mapatano kati ya PS5 na runinga, na mapatano hayo yanarekebishwa kwa rimoti bila kufungua skrubu hata moja.

Ila usitafute kasoro moja, kwa sababu unazo mbili. Ya kwanza ilikuwepo tangu mwanzo, nayo inahusu HDR, ile aina ya picha inayobeba miali mikali kuliko picha ya kawaida. Ya pili imeletwa na ushauri wa rafiki yako, ambaye alikuwa na nia njema lakini ametibu ugonjwa usio wako. Ushahidi umeutoa mwenyewe: gemu mpya hazikubadilika hata kidogo ulipogusa RGB Range. Nitaanza na hii ya pili, maana ukishaielewa utajua kwa nini gemu mpya hazikuisikia.

Kila nukta ya picha hupita kwenye waya wa HDMI ikiwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kwenye picha ya kawaida isiyo ya HDR, namba hizo ni kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta hutumia nafasi zote, 0 ikiwa nyeusi tii na 255 nyeupe kabisa. Mpangilio huo ndio Full. Televisheni nayo, kwa desturi ya utangazaji, ina mpangilio wake: nyeusi ni 16, nyeupe ni 235, na nafasi za chini na juu ya hapo huachwa kama akiba. Huo ndio Limited. Jina hili limewapotosha wengi, wakadhani Limited ni picha iliyopunguzwa ubora na Full ndiyo picha kamili. Sivyo. Filamu na matangazo unayoyaona kwenye king'amuzi ni Limited, na weusi wake ni weusi kamili, mradi runinga ijue kwamba 16 ndiyo nyeusi.

Balaa huanza pale mmoja anapotuma kwa mpangilio huu na mwenzake akapokea kwa ule. Fikiria umepanga kukutana na mgeni "saa mbili asubuhi", wewe unahesabu saa za Kiswahili na yeye anasoma 2 kwenye saa yake ya mkononi. Namba ni ileile, lakini kila mmoja anaanza kuhesabu pengine, na mtapishana.

Kupishana huku kuna sura mbili, na kila moja ina dalili zake. PS5 ikituma Limited na runinga ikatarajia Full, ile 16 iliyokusudiwa kuwa nyeusi inaonyeshwa kama kijivu cheusi, kwa sababu kwa runinga nyeusi ni 0. Nyeupe ya 235 nayo haifiki kileleni, inapoteza kama sehemu moja ya sita ya mwanga wake. Picha nzima inapauka, kama imetandazwa ukungu mwembamba. Rafiki yako aliona weusi wa majivu, akadhani ndiyo hali hii, akakuambia uende Full.

Sura ya pili ni hii uliyonayo sasa kwenye gemu za PS4. PS5 inatuma Full, runinga inatarajia Limited. Kila kilichotumwa kati ya 0 na 16 kinaangukia kwenye nyeusi moja isiyo na kitu ndani yake. Ukuta wa pango uliotumwa kama 30 unaonyeshwa kana kwamba ni 16, na kwa jinsi skrini inavyogeuza namba kuwa mwanga, ukuta huo unabaki na karibu robo tu ya mwanga wake. Huko juu, mawingu yaliyo zaidi ya 235 yanakuwa bapa jeupe lisilo na umbo. Angalia mawingu kwenye gemu yako ya PS4 mchana wa jua. Kama nayo yamekuwa bapa, una uhakika kwamba ni mpangilio, maana giza la kawaida haliunguzi mawingu.

Hapa kuna mtego unaonasa karibu kila mtu. Ukiona giza, mkono unakwenda kwenye Brightness ya runinga na kuipandisha. Kwenye runinga nyingi Brightness haiongezi taa, inanyanyua nyeusi. Unachopata ni pango la kijivu badala ya pango jeusi, na ukuta bado huuoni vizuri. Kama uliigusa Brightness au Contrast wakati unahangaika, zirudishe zilivyotoka kiwandani kabla ya kufanya lolote ninalokuambia hapa chini. Ukitengeneza mpangilio huku Brightness imepindishwa, utasahihisha kitu sahihi na picha bado itakuwa mbaya.

Sasa, kwa nini gemu mpya hazikuguswa? Runinga nyingi za inchi 50 za bei ya kawaida zina HDMI 2.0, ambayo hupitisha data ya gigabiti 18 kwa sekunde. Picha ya 4K yenye mizunguko 60 kwa sekunde katika RGB ya biti 8 inatosha humo. HDR inahitaji biti 10, na RGB ya biti 10 kwa kasi hiyo haitoshi. PS5 inatatua hilo kwa kuacha RGB na kutuma YUV422, ambayo inatenganisha mwanga na rangi, kisha inapunguza data ya rangi tu, kwa kuwa jicho haliioni tofauti hiyo kwa urahisi. Na YUV haiulizi Full au Limited kwenye menyu ya RGB Range. Inakwenda kwa desturi ya televisheni moja kwa moja. Ndiyo maana ulipobadilisha RGB Range, gemu za HDR zilibaki vilevile, na zile za PS4 zisizo na HDR, ambazo bado zinatumwa kwa RGB, ndizo zilizopigwa. Kwenye baadhi ya runinga utaona hata kipengele cha weusi cha menyu ya runinga kinafifia, hakichaguliki, mara tu gemu ya HDR inapofunguka. Kipengele hicho si kibovu. Hakina kazi kwa ishara ya aina hiyo.

Tuirekebishe hii kwanza. Kwenye PS5 ingia Settings, kisha Screen and Video, kisha Video Output. Rudisha RGB Range kuwa Automatic. Ukiwa hapohapo soma maelezo ya ishara inayotoka sasa: utaona 3840 x 2160, mizunguko, na kama ni RGB au YUV422. Kisha, ukiwa bado kwenye menyu ya PS5 bila gemu yoyote ya HDR, fungua mipangilio ya picha ya runinga kwa ajili ya HDMI hiyohiyo na utafute kipengele cha mpangilio wa weusi. Kila kampuni ina jina lake. Samsung wanakiita HDMI Black Level, ambapo Low ni Limited na Normal ni Full. LG ni Black Level, Low ikiwa Limited na High ikiwa Full. Sony wanaandika HDMI video range, na Hisense HDMI Dynamic Range, zote mbili zikitumia maneno Limited na Full waziwazi. Weka Auto kama ipo.

Fungua gemu ya PS4 uingie pangoni. Mara nyingi Auto kwa Automatic zinaelewana na kazi imekwisha. Zisipoelewana, acha kubahatisha, weka Limited pande zote mbili kwa mkono. Mimi huchagua Limited kwa runinga ya sebuleni kwa sababu kila kitu kingine kwenye HDMI, kuanzia king'amuzi, kinazungumza hivyo, na hutalazimika kubadilisha tena ukichomeka kifaa kingine. Full ina hatua chache zaidi kati ya nyeusi na nyeupe, 256 badala ya 220, lakini kwenye gemu inayotembea sebuleni tofauti hiyo haionekani. Full ina maana kama umechomeka PS5 kwenye monita ya kompyuta, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoitarajia.

Utajuaje kwamba umepatia, bila kutegemea hisia? Fungua programu ya YouTube iliyo ndani ya PS5, siyo ile ya runinga, kwa sababu tunataka picha ipite kwenye waya wa HDMI. Tafuta video ya kupimia nyeusi yenye mistari iliyoandikwa namba kuanzia chini ya 16 hadi 25. Hakikisha runinga haionyeshi alama ya HDR. Mpangilio ukiwa sahihi, mstari wa 16 unapotea kabisa ndani ya weusi, na kuanzia 17 au 18 unaona mistari inajitokeza, kwanza kwa shida kisha wazi zaidi. Usipoona mstari wowote hadi 25, bado unakata vivuli. Na kama mandhari yenyewe ya video, yale yaliyopaswa kuwa meusi, yanang'aa kijivu kuliko yanavyoonekana video hiyohiyo ikichezwa kwenye YouTube ya ndani ya runinga, umeangukia upande wa pili. Fanya kipimo hiki usiku au pazia likiwa limefungwa. Mchana wenye jua dirishani, hata runinga nzuri haiwezi kukuonyesha mstari wa 17.

Hiyo ndiyo kasoro ya pili. Turudi kwenye ile ya mwanzo, majivu ya gemu mpya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kwa kuwa sehemu yake haina dawa ya menyu.

Kwenye picha ya kawaida, namba haisemi ni mwanga kiasi gani. Inasema tu "nyeupe yako yote", na runinga inatoa nyeupe iliyonayo, iwe hafifu au kali. HDR10 inafanya tofauti. Hapo kila namba ina kiasi cha mwanga kilichotajwa, kwa kipimo kinachoitwa niti, kuanzia giza hadi niti 10,000. Kipimo chenyewe kimepindwa ili kifuate jicho: karatasi nyeupe ya kawaida, kama niti 100, inakaa karibu nusu ya njia, niti 1,000 karibu robo tatu, na sehemu iliyobaki ni ya miali mikali kama jua na milipuko. Gemu inapotuma HDR inasema kwa hakika: hapa niti 5, pale niti 800.

Runinga ya LCD ya bei ya kawaida huwa inatoa kama niti 250 hadi 350 tu. Kwenye boksi imeandikwa 4K HDR, na si uongo, lakini maandishi hayo yanamaanisha kwamba inaipokea na kuielewa ishara ya HDR. Hayasemi kwamba ina mwanga wa kuionyesha. Inapoambiwa niti 800 na haina, inabidi ibane. Runinga nyingine zinakata juu, jua linakuwa duara tupu jeupe. Nyingine zinashusha picha nzima ili kupata nafasi ya miali, na hapo nyuso za watu, nyasi na kuta vyote vinafifia na kupoteza rangi. Hiyo ni nusu ya kupauka unakokuona.

Nusu ya pili ni taa. Ikiona HDR, runinga inawasha taa za nyuma hadi mwisho ili kukimbilia zile niti. Kioo cha LCD hakiwezi kuzuia mwanga wote, sehemu ndogo inavuja daima. Chukua kioo cha aina ya IPS chenye uwiano wa 1,000 kwa 1. Taa zikitoa niti 150, weusi wako unavuja niti 0.15. Zikipandishwa hadi niti 300, unavuja 0.3. Weusi umeng'aa maradufu, na usiku chumbani unauona kabisa kama kijivu. Vioo vya aina ya VA vinavuja theluthi moja ya hapo au chini yake, kwa hiyo hali si mbaya kiasi hicho. Runinga za gharama hutatua jambo hili kwa kuzima taa kwa kanda, penye giza taa za nyuma yake zinapungua, na za OLED hazina taa za nyuma kabisa. Yako, kama ni LCD ya kawaida isiyo na kanda, inawasha zote au inapunguza zote.

Thibitisha mwenyewe. Zima taa ya chumba, fungua gemu mpya ufike pale inapopakia ikiwa na skrini nyeusi, utazame ung'avu wa weusi huo. Kisha rudi Video Output, weka HDR kuwa Off, fungua gemu ileile na utazame tena. Ukiona weusi wa pili ni mzito zaidi, umeshaona kwa macho yako kile ninachokieleza. Jambo lingine ulilonipa bila kujua: PS5 yako imewekwa On When Supported, siyo Always On. Ingekuwa Always On, hata gemu za kawaida zingegeuzwa kuwa HDR na RGB Range isingeziumiza. Iache On When Supported ikiwa utaendelea na HDR. Always On kwenye runinga dhaifu inapaukisha kila kitu, hata menyu.

Kabla ya kuihukumu HDR, ipe nafasi moja ya haki, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoiharibu zaidi ya inavyostahili. Alama ya HDR inapotokea, runinga inafungua mipangilio mingine ya picha, tofauti kabisa na ile uliyoirekebisha kwa picha ya kawaida. Kwa hiyo ukiwa ndani ya gemu ya HDR, fungua menyu ya runinga hapohapo. Zima uokoaji wa umeme wa aina yoyote, iwe imeandikwa Eco au Power Saving, na uzime kihisi cha mwanga wa chumba. Hivi viwili vinashusha taa wakati HDR inazihitaji zote, na ndivyo ninavyovikuta vimewashwa mara nyingi zaidi. Chagua hali ya gemu, kisha hakikisha Backlight iko juu na Contrast haijapunguzwa. Sony hapa wana tofauti ya kukumbuka: kwao Brightness ndiyo taa, na nyeusi inaitwa Black level.

Jambo la pili ni Adjust HDR, iliyo kwenye ukurasa uleule wa Video Output. Mwenye PS5 wa kwanza aliirekebisha kwa runinga yake, au hakuwahi kuigusa, na kwa vyovyote haijui runinga yako. Utaona skrini tatu zenye alama ya jua. Kwenye mbili za mwanzo unapandisha mwanga hadi jua linapokaribia kutoweka, unasimama palepale linapoonekana kwa shida. Hapo unaiambia PS5 mwisho wa runinga yako uko wapi. Ya tatu ni ya giza: unashusha hadi jua likaribie kuzama kwenye weusi. Ukimaliza, gemu zinazofuata kipimo hiki hazitatuma niti 800 kwa runinga ya niti 300, zitabana zenyewe, na kwa kuwa gemu inajua ni nini kwenye picha ni jua na nini ni uso wa mtu, inabana kwa akili kuliko runinga. Kama runinga yako ina kipengele cha Dynamic Tone Mapping, kizime au chagua HGIG kabla ya kufanya Adjust HDR. La sivyo runinga itakuwa inabadilisha mwanga huku wewe unapima, na jua halitatoweka hata ubonyeze mara ngapi.

Gemu nyingine zina vipimo vyake ndani, hazifuati vya mashine. Ukikuta gemu inauliza mwanga wa juu kabisa kwa niti, weka karibu na uwezo wa runinga, 300 kwa yako, siyo 1,000 kwa tamaa. Ikiuliza mwanga wa karatasi nyeupe, anza na 100 na upande taratibu, kwani ukiuweka 200 unakuwa umekula sehemu kubwa ya mwanga wote ulionao na miali haina pa kwenda.

Fanya hayo, kisha linganisha HDR na isiyo HDR kwenye sehemu ileile ya gemu, pangoni na nje kwenye jua. Kwa runinga kama uliyoieleza, mimi ningezima HDR. Nasema hivyo bila wasiwasi ingawa najua umenunua kitu kilichoandikwa HDR na inauma kukizima. Picha ya kawaida iliyorekebishwa vizuri, yenye weusi mzito na rangi zilizoshiba, inashinda HDR iliyobanwa kwenye niti 300. Ubora wa 4K hupotezi, kasi hupotezi. Unachopoteza ni miali ambayo runinga yako haikuwa inaitoa hata hivyo. Ukija kununua runinga nyingine yenye kuzima taa kwa kanda, washa HDR tena na urudie Adjust HDR.

Kwa wengine wenye dalili zinazofanana lakini runinga zao haziandiki HDR: ikiwa PS5 inasema inatuma HDR na runinga haionyeshi alama, tazama kama kuna kisanduku katikati, cha kugawa HDMI, cha kurekodi, au redio ya zamani ya sebuleni. Baadhi hupitisha picha lakini huangusha ule ujumbe mdogo unaosema "hii ni HDR". Runinga inaisoma kama picha ya kawaida, nyeupe iliyokaa nusu ya njia inaonyeshwa kama kijivu, na kila kitu kinapauka vibaya sana. Chomeka PS5 moja kwa moja kwenye runinga na utaona tofauti papo hapo. Na kama PS5 inakataa kabisa HDR kwenye runinga inayojulikana kuwa nayo, tundu la HDMI halijafunguliwa: Samsung wanaita Input Signal Plus, LG HDMI Deep Colour, Sony HDMI signal format, ambapo unachagua Enhanced.

Wenye Xbox, kipengele kinachofanya kazi ya RGB Range ni Color space chini ya TV & display options, ambapo Standard ni Limited na PC RGB ni Full, na kipimo cha HDR ni Calibrate HDR for games. Kwenye Nintendo Switch ni RGB Range ndani ya mipangilio ya runinga, Full Range na Limited Range. Kanuni ni ileile.

Watu pia hununua waya mpya wakiona picha imepauka. Waya mbovu wa HDMI haupaukishi. Unatoa chembe zinazometameta, picha inayokatika na kurudi, au skrini nyeusi inayokaa sekunde kadhaa. Bila dalili hizo, acha pesa yako mfukoni.

Fundi ana nafasi yake, na nitakuambia ni lini. Mwite kama upande mmoja au kanda moja ya skrini ni nyeusi kuliko nyingine hata kwenye king'amuzi, kama unaona madoa ya mwanga au ya bluu yasiyohama, kama picha inawaka na kuzima, au kama sauti ipo na skrini ni giza. Kwa hali hiyo ya mwisho, zima taa ya chumba na umulike skrini kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona picha kwa mbali ndani ya giza, kioo kinafanya kazi na taa ndizo zilizokufa, na fundi atakuwa na kazi halali. Kubadilisha taa kunahitaji kuinua kioo kizima kutoka kwenye fremu, na kioo cha inchi 50 kinapasuka kwa kukunjika kidogo tu. Kwa hiyo kabla hajafungua, mwombe akuonyeshe hitilafu ikitokea kwenye king'amuzi au kwenye menyu ya runinga. Kama inatokea kwenye PS5 peke yake, asifungue.